Jinsi ya kuandika sehemu ya memo inayodai nchi ilikiuka wajibu wa uangalifu katika uchafuzi unaovuka mpaka

Kila msimu wa mahakama za mfano ukifika hapa Nairobi, jioni zangu huishia kwenye rundo la memo za wanafunzi na kikombe cha chai kilichopoa. Kosa ninalokutana nalo ni lile lile. Memo inatumia kurasa tatu kueleza samaki waliokufa na watoto waliougua, kisha inaruka: "kwa hiyo nchi jirani imekiuka wajibu wake." Katikati hakuna kitu, na hapo katikati ndipo kesi yenyewe ilipo.

Wajibu wa uangalifu stahiki ni wajibu wa kujitahidi. Nchi haikuahidi kwamba madhara hayatatokea kamwe, iliahidi kufanya kila linalowezekana yasitokee. Kwa hiyo madhara pekee hayathibitishi ukiukaji. Unachotakiwa kuonyesha ni kile ambacho serikali ilijua, kile ilichoweza kufanya, na kile ambacho haikufanya.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kuandika kabla ya kuwa na hivi:

- Kompromi, yaani ile taarifa ya ukweli wa kesi, iliyochapishwa kwenye karatasi. Utaichora mistari mingi.
- Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya mwaka 2010 kati ya Ajentina na Urugwai kuhusu viwanda vya massa ya karatasi kwenye Mto Urugwai.
- Hukumu ya mahakama hiyo hiyo ya Desemba 2015 kati ya Kosta Rika na Nikaragua, hasa sehemu ya barabara iliyojengwa kando ya Mto San Juan.
- Rasimu mbili za Tume ya Sheria ya Kimataifa za mwaka 2001, ile ya kuzuia madhara yanayovuka mpaka na ile ya uwajibikaji wa nchi, zote pamoja na maelezo yake.
- Maoni ya ushauri ya 2011 ya chumba cha migogoro ya sakafu ya bahari cha Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, na maoni ya ushauri ya Julai 2025 ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

Memo mtaiwasilisha kwa Kiingereza, najua. Lakini hoja ipangeni kwa Kiswahili kwanza, mwenzako akikaa mbele yako. Kiingereza cha sheria kina maneno mazuri ya kufichia tundu. Ukishindwa kumweleza mwenzako kwa lugha ya kawaida serikali ilikosea wapi, hujapata hoja bado.

## Kesi tutakayoifanyia kazi

Nimeibuni kwa ajili ya mwongozo huu. Mto unatoka Nchi ya Juu na kuingia Nchi ya Chini. Hakuna mkataba kati yao kuhusu mto huo, kwa hiyo tunategemea sheria ya kimila ya kimataifa. Kilometa 14 kabla ya mpaka kuna kiwanda cha ngozi cha mtu binafsi kinachotumia kromiamu.

Machi 2017 Nchi ya Juu inakipa kiwanda kibali. Tathmini ya athari kwa mazingira ilifanyika, lakini ramani yake inaishia mpakani. Kibali kinataka ripoti ya maji taka kila miezi mitatu, na kinaipa serikali mamlaka ya kusimamisha kiwanda. Kiwanda kinaanza kazi Julai 2017. Hadi Novemba 2019 ripoti tisa zilipaswa kuwa zimefika wizarani, lakini zilifika mbili.

Juni 2018 mkaguzi wa serikali anaandika kwamba ukuta wa bwawa la maji taka una ufa, na anapendekeza kiwanda kisimame mpaka utengenezwe. Hakuna kinachofanyika. Januari 2019 Nchi ya Chini inaandika barua kuuliza kuhusu rangi ya maji. Jibu linakuja Juni: "suala linashughulikiwa." Novemba 2019 mvua inanyesha, ukuta unapasuka, samaki wanakufa, na mji ulio chini unafunga mabomba yake kwa siku 19.

Sisi ni mawakili wa Nchi ya Chini.

## Hatua ya 1: Chagua mwenendo unaoushitaki

Kiwanda si cha serikali. Ukianza kwa kusema "Nchi ya Juu ilimwaga kromiamu mtoni", jaji atakuuliza kitendo cha mtu binafsi kimekuwaje cha nchi. Utajikuta unahangaika na ibara ya 8 ya rasimu ya uwajibikaji, ile inayohusu maelekezo au udhibiti wa nchi, na hutaiweza. Hakuna mtu serikalini aliyekiagiza kiwanda kimwage sumu.

Wala huhitaji kufika huko. Unaishitaki serikali kwa mambo yake yenyewe: wizara iliyotoa kibali, mkaguzi aliyepuuzwa, ofisi iliyokaa na barua miezi mitano. Hivyo ni vyombo vya dola, na ibara ya 4 inatosha.

Onyo: vitenzi vyako vinaweza kukusaliti. Pitia rasimu na uangalie kila sentensi ambayo mtendaji wake ni kiwanda. Kama sentensi hizo ni nyingi kuliko zile ambazo mtendaji ni Nchi ya Juu, unaishitaki kampuni ambayo haiko mahakamani.

Umefaulu pale ambapo unaweza kutaja ukiukaji kwa sentensi moja yenye serikali kama mtendaji na tarehe ndani yake: "Kati ya Juni 2018 na Novemba 2019, Nchi ya Juu haikusimamisha kiwanda ambacho mkaguzi wake alipendekeza kisimamishwe."

## Hatua ya 2: Chora jedwali la kujua

Chukua karatasi, gawa safu nne: tarehe, serikali ilijua nini, ilikuwa na uwezo gani siku hiyo, ilifanya nini. Jaza kwa kutumia kompromi peke yake, na mbele ya kila jambo andika namba ya aya ya kompromi.

Sababu ni kwamba kiwango cha uangalifu hakisimami mahali pamoja. Maoni ya ushauri ya 2011 yanasema wazi, aya ya 117, kwamba uangalifu stahiki hubadilika kulingana na wakati, elimu mpya na ukubwa wa hatari. Nchi ya Juu ya Machi 2017 na Nchi ya Juu ya Juni 2018 hazidaiwi kitu kimoja. Ya kwanza ilijua kwamba viwanda vya ngozi ni vya hatari kwa ujumla. Ya pili ilijua kwamba ukuta huu, wa bwawa hili, una ufa.

Hapa ndipo timu nyingi hupoteza alama bila kujua. Wanaandika kwamba nchi "ilijua au ilipaswa kujua" na kusonga mbele, kana kwamba maneno hayo ni mhuri. Lini? Kupitia nani? Katika kesi ya Mlango wa Korfu ya 1949 Mahakama ilikataa kudhani kwamba nchi inajua kila kinachotendeka ndani ya eneo lake. Iliangalia mazingira yenyewe, ulinzi mkali wa pwani na uwezo wa kuona kutoka ufukweni, ndipo ikahitimisha kwamba Albania ilijua kuhusu mabomu ya majini. Nawe fanya hivyo.

Jedwali letu likijazwa linaonyesha kitu ambacho hukukiona uliposoma kompromi mara ya kwanza. Siku yenye nguvu kuliko zote ni ile ya Juni 2018, siku ya ripoti ya mkaguzi. Siku ya mafuriko inakuja nyuma yake. Sehemu yako yote ijengwe kuzunguka siku hiyo ya mkaguzi.

## Hatua ya 3: Weka kanuni kwa aya moja tu

Majaji wanaijua sheria. Wape msingi na uendelee. Hukumu ya 2010, aya ya 101, inaiweka kanuni ya kuzuia ndani ya uangalifu stahiki: nchi inapaswa kutumia njia zote ilizonazo kuepusha shughuli za ndani ya eneo lake zisilete madhara makubwa kwa mazingira ya nchi nyingine. Aya ya 197 inaongeza jambo ambalo ndilo silaha yako: kuwa na sheria na hatua zinazofaa hakutoshi, lazima pawe na kiwango fulani cha umakini katika kuzitekeleza na kuwasimamia waendeshaji, wa umma na wa binafsi.

Onyo la kwanza: aya ya 197 inafafanua wajibu uliotoka kwenye mkataba wa 1975 kati ya nchi hizo mbili. Sema hivyo mwenyewe kabla mpinzani hajasema, kisha unganisha na aya ya 101 na ibara ya 3 ya rasimu ya kuzuia madhara, ambazo hazitegemei mkataba huo.

Onyo la pili: kila mtu anapenda kunukuu uamuzi wa 1941 wa kiwanda cha kuyeyusha madini cha Trail. Ni wa heshima, lakini ulizungumzia jambo lenye matokeo mazito na ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Maelezo ya rasimu ya 2001 yanahitaji madhara yaliyo zaidi ya kuonekana tu, ambayo hayalazimiki kufikia uzito huo. Kwa nini ujipandishie ngazi mwenyewe? Utaje Trail kama chanzo cha kanuni, usiutumie kama kipimo.

Na kwa kuwa tuko Nairobi, najua utatamani uamuzi wa 2014 wa Mahakama ya Afrika Mashariki kuhusu barabara ya Serengeti, kesi iliyofunguliwa na shirika lenye makao hapa hapa mjini. Ni mzuri, ila ulitafsiri Mkataba wa Jumuiya. Nchi zetu mbili za kubuni si wanachama. Tanbihi moja inatosha.

## Hatua ya 4: Tanguliza makosa ya utaratibu

Angalia jinsi kesi mbili kubwa zilivyoisha. Mwaka 2010 Ajentina ilishinda kwa kuwa Urugwai haikufuata utaratibu wa kuarifu na kushauriana, ikashindwa kwenye hoja ya uchafuzi wenyewe. Mwaka 2015 Nikaragua ilishinda kwa kuwa Kosta Rika haikufanya tathmini kabla ya kujenga barabara yake ya karibu kilometa 160, ikashindwa kuthibitisha madhara makubwa. Mdai hushinda kirahisi zaidi pale ambapo haihitajiki kuthibitisha madhara. Kwa hiyo weka utaratibu kwanza.

Mpangilio wenyewe uko aya ya 104 ya hukumu ya 2015, na una ngazi tatu. Nchi inaangalia kwanza kama kuna hatari ya madhara makubwa ya kuvuka mpaka. Ikiwepo, inafanya tathmini. Tathmini ikithibitisha hatari, inaarifu na kushauriana na jirani ili kupata hatua za kuzuia.

Nchi ya Juu itajibu: tathmini tulifanya. Na itaongeza aya ya 205 ya hukumu ya 2010, isemayo kwamba yaliyomo ndani ya tathmini huamuliwa na kila nchi kwa sheria zake. Usikimbie aya hiyo. Isome sentensi hiyo hiyo mpaka mwisho: tathmini lazima izingatie aina na ukubwa wa mradi, na athari zake zinazoweza kutokea. Bwawa la kromiamu lililo kilometa 14 kutoka mpakani, juu ya mto unaotelemka kwenda ng'ambo, haliwezi kutathminiwa kwa ramani inayoishia mpakani. Nchi ina uhuru wa kuchagua namna ya kutathmini, lakini swali lenyewe la athari za ng'ambo haliwezi kuachwa.

Aya hiyo hiyo inasema pia kwamba shughuli ikishaanza, athari zake ziendelee kufuatiliwa. Ripoti saba zilizokosekana ziingize hapa.

Onyo, na hili huwanasa hata wazuri: mwaka 2015 Mahakama ilipoona Kosta Rika haikufanya tathmini, ilisema haina haja ya kuamua kama ilipaswa kuarifu. Ngazi ya tatu ilimezwa na ya pili. Kwa hiyo hoja ya kutoarifu iandike kama ya mbadala: hata kama tathmini ya 2017 ilitosha, ripoti ya Juni 2018 ilithibitisha hatari, na kuanzia hapo Nchi ya Juu ilipaswa kutuambia.

## Hatua ya 5: Andika ukiukaji wenyewe

Hii ndiyo sehemu ya kutumia muda. Kila aya ya ukiukaji iende kwa mwendo mmoja: alichojua, alichoweza, alichoacha, na kwa nini nchi makini isingeacha. Mfano:

> Tangu Juni 2018 Nchi ya Juu ilijua, kupitia mkaguzi wake, kwamba ukuta wa bwawa una ufa. Masharti ya kibali yaliipa mamlaka ya kusimamisha kiwanda. Mkaguzi huyo huyo alipendekeza mamlaka hayo yatumike. Kwa miezi 17 hayakutumika, wala hakuna hatua nyingine iliyochukuliwa badala yake. Januari 2019 nchi iliyo hatarini iliuliza, na ikajibiwa baada ya miezi mitano kwamba suala linashughulikiwa, wakati kumbukumbu hazionyeshi kilichokuwa kikishughulikiwa. Sheria iliyopo bila kutekelezwa si ule umakini unaotakiwa na aya ya 197.

Ona kwamba samaki hawajatajwa. Aya hii ingesimama hata kama ukuta usingepasuka, na ndiyo maana ina nguvu. Kisheria, hata hivyo, bado unahitaji tukio. Ibara ya 14(3) ya rasimu ya uwajibikaji inasema wajibu wa kuzuia jambo huvunjwa jambo hilo linapotokea, na hukumu ya 2007 kati ya Bosnia na Serbia, aya ya 431, ilifuata mkondo huo kwa wajibu wa kuzuia mauaji ya kimbari. Uzembe wa miezi 17 unakamilika kuwa ukiukaji Novemba 2019.

Hukumu hiyo hiyo, aya ya 430, ina zawadi nyingine. Nchi haijiokoi kwa kusema kwamba hata ingejitahidi isingefaulu. Lakini hilo ni la ukiukaji. Ukifika kwenye fidia utaulizwa tena.

Onyo: usitumie kanuni ya tahadhari kumgeuzia mpinzani mzigo wa ushahidi. Mahakama ililikataa hilo mwaka 2010, aya ya 164. Itumie kwa kazi yake halisi, yaani kuonyesha kwamba nchi haikupaswa kusubiri uhakika kamili baada ya ufa kuonekana.

## Hatua ya 6: Funga kamba kati ya uzembe na madhara

Mwaka 2010 Ajentina ilileta mwani uliotanda mtoni Februari 2009. Mahakama ilikubali kwamba mwani ulikuwepo, ila haikuridhika kwamba chanzo chake ni kiwanda. Kosa hilo halirekebishiki kwa maneno makali.

Tafuta kwenye kompromi vipimo vya mahali patatu: juu ya kiwanda, chini yake, na mpakani. Kama kuna kimoja tu, usidai vitatu. Jenga kwa mazingira: kromiamu ni alama ya kiwanda cha ngozi, ukuta ulipasuka siku fulani, mabomba yalifungwa baada ya siku fulani. Mabomba kufungwa siku 19 ni madhara makubwa kwa kipimo chochote, kwa hiyo sentensi mbili zinatosha hapo.

## Hatua ya 7: Jibu utetezi wao ulio bora

Timu dhaifu hujibu utetezi ulio rahisi. Andika utetezi wa Nchi ya Juu kana kwamba wewe ndiye wakili wake, kisha ujibu. Wana mawili.

La kwanza ni umaskini: nchi inayoendelea, wakaguzi wachache. Kubali msingi wake, kwa sababu ni kweli kwamba uwezo wa nchi ni kigezo kimojawapo, na maoni ya 2025 yanakitaja. Lakini maelezo ya ibara ya 3 ya rasimu ya kuzuia madhara yanasema kuna kiwango cha chini cha umakini na ufuatiliaji kinachotarajiwa kwa serikali yoyote. Kisha rudi kwenye ukweli: mkaguzi alikuwepo, alikwenda, aliona, aliandika. Kilichokosekana ni saini ya agizo la kusimamisha, na saini haihitaji bajeti.

La pili ni mvua. Watataja nguvu isiyozuilika, ibara ya 23. Jibu kwa 23(2): haiisaidii nchi ambayo hali hiyo imetokana na mwenendo wake yenyewe, peke yake au pamoja na sababu nyingine. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akimwambia jaji kwamba mvua ya vuli huja Novemba kila mwaka na haijawahi kumshangaza mkulima yeyote. Alipata alama nzuri, na alistahili, ila angalia kwanza kama kompromi inasema mvua hiyo ilikuwa ya kawaida. Ikisema ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa, acha utani na urudi kwenye ufa: ukuta mzima ndio ungetuambia kama mvua ndiyo iliyokuwa tatizo.

## Hatua ya 8: Omba kinacholingana na ulichothibitisha

Kwa makosa ya utaratibu omba tamko. Mwaka 2010 Mahakama iliona tamko lenyewe linatosha kuiridhisha Ajentina, na kuomba kiwanda kivunjwe hakukufanikiwa. Kwa ukiukaji wa Novemba 2019 omba fidia chini ya ibara ya 31, na hapa uonyeshe kwamba agizo la Juni 2018 lingezuia tukio.

Wengi hunukuu hapa hukumu ya Februari 2018 ambayo Nikaragua iliamriwa kuilipa Kosta Rika fidia ya uharibifu wa mazingira. Itumie kuonyesha kwamba uharibifu wa mazingira wenyewe hulipika. Usiiite kesi ya uangalifu stahiki: Nikaragua ilikuwa imeingia kwenye ardhi ya Kosta Rika, na wajibu uliovunjwa ulikuwa wa mamlaka juu ya ardhi.

Ukimaliza, mpe mwenzako sehemu hii bila kompromi na umwulize maswali matatu: nani serikalini alijua, tangu lini, na angeweza kufanya nini siku ile. Akisita kwenye moja, rudi kwenye jedwali la hatua ya 2.